Naomba ushauri: mzunguko huu ni wa kweli au nimeuzaa mwenyewe?

Wakuu, natumia DPO, kiashiria cha kuondoa mwelekeo wa bei, kwenye chati ya siku kukadiria urefu wa mzunguko wa bei. Kwa kipindi cha 20, inachukua bei ya siku 11 zilizopita na kutoa humo wastani wa siku 20, hivyo mwelekeo mkuu unaondoka. Mabonde yalipishana kwa siku 18, 22 na 20, nikafurahi. Nikaweka 40, yakapishana kwa 37 na 41!

Sasa nashuku namba yangu ndiyo inayozaa mzunguko, maana mawimbi marefu kuliko kipindi hufifishwa pamoja na mwelekeo. Nikiijaribu kwenye bei za kubahatisha tupu na mabonde yakaja vilevile, niuache?

Halafu, mstari ukirudishwa nyuma, siku 11 za mwisho ni tupu. Mnafanyaje hapo?