Nanunua kampuni ya malori: nichukue hisa au nichukue mali tu? Naombeni ushauri wakuu

Tela_Mbili:
Wakuu habari zenu, hii ni wiki ya pili sina usingizi. Kuna kampuni ya usafirishaji nataka kuinunua, ina malori matano na mkataba wa kubeba mzigo wa kiwanda kimoja, umebakiza miezi 14. Mwenyewe anataka ninunue hisa zote 100%, jina libaki lilelile na kazi iendelee, tunabadilisha wakurugenzi tu. Rafiki yangu anasema chukua malori na mkataba, kampuni muachie mwenyewe. Sasa kabla sijatoa hela nikague nini kwa njia hii na nini kwa ile? Mahesabu nimeyaona, faida ipo, madeni ni ya mafuta na matairi tu.

Pwani_Tulivu:
Hisa ni uwekezaji mzuri mkuu ila uwe na subira, zikishuka usiuze kwa hofu, subiri gawio. Mimi zangu nina mwaka wa sita sijazigusa.

Tela_Mbili:
Asante mkuu ila sio hisa za sokoni, nanunua kampuni nzima.

Kamba_Nene:
Hapo hakuna mjadala, nunua mali. Ukinunua hisa umenunua na madhambi yake yote, kodi ambazo hazikulipwa, kesi, wafanyakazi wanaodai, na wakikosa kwenye kampuni watakuja kuuza nyumba yako. Ukinunua mali tu madeni yote yanabaki kwa muuzaji, unalala.

Mama_Mashine:
Unalala? Mimi nilinunua mali za kiwanda cha uchapishaji, mashine nne, nikajiona mjanja kwa sababu nimeacha madeni nyuma. Mwezi wa pili akaja mtu na karatasi zake, ile mashine kubwa walikuwa wameikodi kwake, haikuwahi kuwa ya kwao. Niliyenunua kwake hapokei simu. Na yule mteja mkubwa niliyemtegemea akaniambia mama sisi tulisaini na kampuni ile, wewe hatukujui. Nikabaki na mashine tatu na kodi ya jengo.

Kalamu_Nyekundu:
Pole sana mama, na hapo umemjibu mwenye uzi vizuri kuliko wengi. Kwenye mali unakagua kitu kimoja kimoja, hiki ni cha nani, kina rehani ya nani, na kama ni mkataba, upande wa pili anaridhia uhamie kwangu? Kwenye hisa mwenye malori habadiliki, ni kampuni ileile, kwa hiyo unachokagua ni maisha yote ya hiyo kampuni tangu izaliwe: iliahidi nini, ilisaini nini, inadaiwa nini. Na hata huko soma mkataba wa kiwanda, mara nyingi kuna kifungu kwamba kampuni ikibadilisha mmiliki wanaweza kuuvunja.

Kamba_Nene umepatia nusu. Kampuni yenye dhima yenye ukomo ikishindwa kulipa, mwenye hisa anapoteza alichoweka humo, nyumba yake haiguswi mpaka asaini yeye mwenyewe kuidhamini. Na upande wa mali, rehani inalifuata lori popote linapokwenda, na nchi nyingi wafanyakazi wanahama na biashara pamoja na madai yao.

Tela_Mbili, kwa nini anauza? Na kwa nini anasisitiza hisa?

Tela_Mbili:
Anasema kachoka, ana biashara nyingine. Bei ni nzuri dada, tuseme malori peke yake yana thamani ya 70, yeye kampuni nzima anataka 60.

Kalamu_Nyekundu:
Kampuni yenye faida na mkataba inauzwa chini ya bei ya malori yake? Hiyo biashara nyingine inaendeshwa kwa hela ya nani?

Tela_Mbili:
Sawa niseme. Ana kampuni nyingine ya ujenzi ina mkopo benki, na hii ya malori ndiyo iliyoidhamini, malori matatu yamewekwa rehani. Ila mkopo unalipwa vizuri, kanionyesha meseji ya benki, na yupo tayari kuandika kwamba likitokea lolote atanifidia. Halafu ni mtu ninayemfahamu, nimeshampa theluthi ya bei kama kianzio.

Mzee_Subira:
Kijana umeshatoa hela ndiyo unakuja kuuliza? Zamani mtu alikuwa anauliza wazee kwanza.

Kamba_Nene:
Mimi naona huu uzi wa kutunga. Kila akibanwa anaongeza kipande, kama swali la mtihani wa sheria. Au wewe ndiye muuzaji unatupima tutakubana wapi?

Tela_Mbili:
Ningekuwa muuzaji ningekuwa nimelala saa hizi. Jana nilikuwa ofisini kwake nimeshika daftari la mihtasari ya bodi, jeusi, kurasa zimepigwa namba kwa mkono, 41 halafu inafuata 44. Nilipomuuliza akasema watoto walichana. Ndiyo maana nimekuja hapa.

Mama_Mashine:
Watoto wamechana kurasa mbili tu tena za katikati.

Kalamu_Nyekundu:
Awe ametunga au hajatunga, wapo wengi wa namna hii, nitajibu.

Udhamini hauonekani kwenye madeni ya mizania ndiyo maana umeona mafuta na matairi. Nenda kurasa za mwisho za mahesabu, kwenye maelezo, ndipo inapotakiwa kutajwa kwamba kampuni imemdhamini fulani. Kama hayatajwi jiulize mkaguzi alifichwa nini kingine. Kwa msajili utaona rehani ya malori matatu, lakini ahadi yenyewe ya kulipa, ambayo haina mali iliyofungwa, kwa kawaida haisajiliwi. Hiyo utaipata kwenye kikao cha bodi kilichoidhinisha, labda ndiyo 42 na 43, na kwenye barua ya benki yenyewe. Meseji si barua.

Tuseme mkopo umebaki 160. Ukichukua hisa na ile ya ujenzi ikaanguka, benki inaidai kampuni yako 160, malori matatu yanaondoka, na yale mawili pamoja na hela ya kiwanda vinafuatwa kwa kilichobaki. Umepoteza 60 yako na kila ulichoongeza humo. Ukichukua malori mawili yasiyofungwa, ule udhamini unabaki kule, ila bila ridhaa ya maandishi ya kiwanda huna mzigo wa kubeba.

Na hiyo fidia anayokuahidi, siku utakayoihitaji ni siku ileile ameshindwa kulipa benki. Atakulipa na nini?

Kamba_Nene:
Hapo kwenye fidia nimeelewa. Lakini benki ikikubali kuuachia huo udhamini hisa si zinafaa?

Kalamu_Nyekundu:
Zinaweza kufaa, kama benki imeandika kwamba imeiachia kampuni na malori KABLA hujamaliza malipo, na sehemu ya bei inashikwa na mtu wa tatu mpaka ukaguzi wa kodi za nyuma uishe. Mimi bado zile kurasa mbili zingenisumbua.

Tela_Mbili:
Anataka tusaini Ijumaa, anasema kuna mnunuzi mwingine. Nikimwomba barua ya benki ataona simwamini, na kianzio changu kiko kwake bila mkataba, ni risiti tu.

Mzee_Subira:
Risiti imeandikwa kianzio cha nini?

Tela_Mbili:
Imeandikwa "malipo ya hisa".

Kalamu_Nyekundu:
Ipige picha, peleka kwa wakili kesho asubuhi kabla hujaongea naye tena. Halafu barua ya benki muombe kwa maandishi, tuone atajibu nini.