Mrejesho: video ya zabibu Hombolo imepanda

Niliuliza: "Video ya dakika 12, 1080p freimu 50, GB 2 na ushee, niieksipoti vipi ipande kwa neti ya huku?"

Wakuu mrejesho. Nilipima spidi ya kupandisha, sio ya kushusha, nikakuta megabiti 1 tu kwa sekunde, kumbe kwa bitireti yangu ya megabiti 24 ingekula karibu masaa 5. Nikashuka 720p, freimu 25 maana ni nusu kamili ya 50 mwendo haurukiruki, bitireti nikaanza na 2 ila majani ya mizabibu yakipigwa upepo (Dodoma mnaijua) yanakuwa vibokisi vibokisi, nikaweka 3, sauti kilobiti 128. Faili MB 280 hivi, dakika 40 ikaisha. Sura za wakulima safi, maandishi madogo ndo yamefifia kidogo.