Niliishiwa nguvu kilomita ya 29 Kilimanjaro Marathoni: tatizo ni viatu au miguu?

Mkimbiaji_Kimara:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, maana Juni nina marathoni nyingine na nimeshalipia. Mwaka huu nilikimbia Kilimanjaro Marathoni, kilomita 42 kwa mara ya kwanza. Nusu ya kwanza, ile ya barabara ya kuelekea Dar na kurudi Moshi, niliimaliza kwa saa 1 na dakika 42 nikiwa napumua vizuri. Mlima wa Mweka nao nikaanza kuupanda bila shida. Kufika kilomita ya 29 mambo yakageuka ndani ya dakika chache: mapaja mazito kama nimefungiwa mifuko ya mchanga, jasho la baridi, na hesabu ya kilomita zilizobaki ikanishinda. Kuanzia hapo ni kutembea. Nimemaliza kwa saa 5 na dakika 6. Viatu vyenye sahani ya kaboni nimeshaagiza. Je, vitatosha, au niongeze na mazoezi ya kubeba vyuma?

Mzee_wa_Kibo:
Kijana, John Stephen Akhwari alimaliza Mexico mwaka 1968 goti likiwa limefungwa bendeji. Hakuwa na sahani ya kaboni. Kizazi chenu mnataka kununua uvumilivu dukani.

Glukosi_Nusu_Kilo:
Hiyo ni sukari imeisha mwilini, wala si viatu. Dawa yake ni glukosi ya kopo. Koroga vijiko vinne, kunywa nusu saa kabla ya mbio, utafika mwisho unacheka.

Kocha_Njiro:
Shikamoo Mzee wa Kibo. Akhwari alianguka akaumia goti, na moyo wake ndio uliomfikisha. Huyu mwenzetu hakuumia, tatizo lake ni jingine. Kaka wa Kimara, siku tatu kabla ya mbio ulikula nini? Na njiani ulitumia nini?

Mkimbiaji_Kimara:
Nilikula vizuri tu, dada. Mayai, samaki, parachichi, mboga za majani. Njiani nilikunywa maji kila meza.

Kocha_Njiro:
Sijaona ugali hapo, wala wali, ndizi, chapati au viazi. Ulisahau kuviandika au hukula?

Mkimbiaji_Kimara:
Sikula. Tangu Desemba nimekata wanga kabisa, nimepungua kilo 9, sasa nina 74. Sikuandika kwa sababu najua mtanishambulia. Mama yangu alikatwa mguu kwa ugonjwa wa sukari. Nilimuuguza mimi. Ugali siurudii, na mazoezini nilikimbia mpaka kilomita 24 bila kula na sikuona tatizo lolote.

Kocha_Njiro:
Pole sana kwa mama, kaka. Sikushambulii, ila hapo ndipo penye jibu lako.

Mtu wa kilo 74 anatumia takriban kalori 74 kwa kila kilomita anayokimbia, kwa hiyo kilomita 42 ni zaidi ya kalori 3,000. Sukari inayohifadhiwa kwenye misuli na ini, akiba yote ikiwa imejaa, ni kama kalori 2,000. Pengo linazibwa na mafuta ya mwilini, na hayo unayo ya kutosha kukimbia siku nzima. Lakini mafuta yanaungua taratibu. Kadiri unavyoongeza kasi, ndivyo mwili unavyodai sukari zaidi. Wewe ulianza na akiba pungufu, ukaenda kasi barabarani, halafu ukapanda mlima. Kilomita 24 za mazoezi ulizikimbia kwa mwendo gani?

Mkimbiaji_Kimara:
Dakika 6 na nusu kwa kilomita, kutoka Coco Beach, Daraja la Tanzanite na kurudi. Siku ya mbio nilienda 4:50 kwa sababu nilijisikia mwepesi, na jamaa zangu wawili walikuwa mbele.

Mtoto_wa_Ubungo:
Samahani, hii naona ni chai. Nusu ya kwanza 1:42, ya pili 3:24, mara mbili kamili? Na kutoka Mweka kushuka Moshi ni mteremko, hata ukijiachia unafika. Mtu anatunga hapa ili tubishane kuhusu ugali.

Mkimbiaji_Kimara:
Ndugu yangu, sina faida ya kutunga. Saa yangu inaonyesha kilomita ya 28 dakika 5:50, ya 29 dakika 7:05, ya 30 dakika 11:40. Nilikaa chini pembeni ya barabara, mama mmoja akanipa soda. Baada ya dakika kama kumi kichwa kikatulia, nikajua nilipo. Nikajaribu kukimbia, miguu ikagoma.

Mtoto_wa_Ubungo:
Ndiyo maana nasema haiendani. Soda ikurudishe akili halafu iache miguu?

Kocha_Njiro:
Hapo ndipo mimi nimemwamini. Ubongo unaishi kwa sukari ya kwenye damu, na soda ya mililita 300 ina sukari kama gramu 32, inafika upesi. Misuli ya mapaja iliyokwisha haijazwi na chupa moja ukiwa bado uko njiani. Hata sukari iliyobaki kwenye mikono haiwezi kuhamia miguuni, maana kila msuli una akiba yake. Angekuwa amezidiwa na joto tu, soda isingemrudisha hivyo. Na mteremko unaumiza mapaja kuliko mlima, nenda kashuke ukiwa umeishiwa uone.

Mama_Pacha:
Jamani, mimi kilomita 21 zilinishinda kwa kinyume chake. Nilikunywa juisi ya miwa bilauri mbili kilomita ya 12, nikatapika hadi nikaonewa huruma. Sukari nayo ina lawama.

Kocha_Njiro:
Pole, Mama Pacha. Damu ikiwa miguuni tumbo linafanya kazi kwa shida, nalo linahitaji mazoezi kama miguu. Na kaka wa Glukosi, uko sahihi kuwa sukari imeisha, ila vijiko vinne vya asubuhi haviwezi kubeba saa nne za mbio.

Kaka wa Kimara, siku mbili au tatu za mwisho kula kila siku wanga gramu 8 mpaka 10 kwa kila kilo yako. Mizani itapanda kidogo, ni maji yanayohifadhiwa pamoja na sukari. Njiani anza dakika ya 30, kabla hujasikia njaa, na ulenge gramu 45 kwa saa: jeli mbili, au ndizi mbivu mbili kasoro kidogo. Nusu ya kwanza usishuke chini ya saa 2. Kwenye mlima sahau saa, fuata pumzi. Ukishindwa kutamka sentensi nzima, punguza.

Daktari_wa_Mafuta:
Naomba kupinga. Mimi nakimbia bila wanga mwaka wa tatu, mwili umezoea mafuta, sijawahi kugonga ukuta.

Kocha_Njiro:
Unamaliza kwa saa ngapi?

Daktari_wa_Mafuta:
Saa 5. Sishindani na mtu.

Kocha_Njiro:
Kwa mwendo huo inawezekana. Kwa 4:50 mafuta yanadai oksijeni nyingi kuliko sukari kwa kazi ileile, na hapo sijaona mazoea yakisaidia.

Mkimbiaji_Kimara:
Siku tatu za wali nitajaribu. Zaidi ya hapo siahidi. Na dada, mtu ambaye mama yake ana sukari, gramu 700 kwa siku si hatari?

Kocha_Njiro:
Swali zuri, na sitakujibu kwa kubahatisha. Kapime sukari ukiwa hujala, mwonyeshe daktari mpango huu kabla ya kuanza. Majibu yakiwa mabaya tutapunguza kasi, siyo kulazimisha wali.

Mkimbiaji_Kimara:
Jumatatu naenda kupima. Jumamosi inayofuata nina kilomita 28, nitabeba ndizi tatu na jeli mbili. Viatu nimeambiwa haviwezi kurudishwa.