Naomba ushauri: namba ya gari kwenye tiketi kutofautiana na basi lililopo stendi

Habari za wakati huu, ndugu wanachama. Jumamosi mama atasafiri peke yake kutoka Stendi ya Magufuli, Mbezi, kwenda Mbeya kwa basi la saa 12:00 asubuhi, akiwa na begi na gunia dogo.

Safari iliyopita kampuni ilitoa mabasi mawili saa hiyohiyo, moja likiishia Mbeya na jingine likiendelea hadi Tunduma, na namba ya gari iliyoandikwa kwenye tiketi haikuwa ya basi lolote kati ya hayo. Mpigadebe, aliyejibu kabla sijamaliza kuuliza, alitupeleka kwenye la Tunduma. Tuligundua kosa tulipokuta kiti chetu kina mtu, wakati begi, lililoandikwa jina tu kwa kalamu ya wino mzito, limeshafunikwa na mizigo mingine ndani ya buti.

Nimeuliza dirisha la tiketi, nikajibiwa tuwahi saa 11:00 tutaelekezwa.

Je, gari likibadilishwa, tiketi isahihishwe dirishani, au inatosha kondakta kulihakiki jina kwenye orodha yake ya abiria? Na je, ninaweza kudai lebo ya mzigo yenye namba, pamoja na kipande chake, kabla buti halijafungwa?