Damu kuvilia kwenye jicho bila maumivu, tupeane uzoefu

Kuli wa Uyole: Wakuu, juzi nimepakia lumbesa za viazi kwenye fuso mpaka usiku, asubuhi wife ananiuliza jicho limefanyaje, kuangalia kioo naona weupe wa jicho la kushoto upande wa nje ni mwekundu kama nimemwagiwa wino, ila haliumi, haliwashi na naona vizuri tu. Leo ndo limezidi kusambaa. Nani imeshamtokea?

Mama wa Tukuyu: Pole mwanangu. Yangu yalikuwa mekundu yote mawili, asubuhi kope zimegandana kwa matongo, nikapewa matone yakaisha. Nunua na wewe.

Nesi wa macho: Shikamoo mama, hayo yalikuwa maambukizi, ya kijana ni tofauti, hana matongo wala machozi. Kimshipa kimepasuka, damu imekaa chini ya utando unaofunika weupe. Kujikamua na mzigo kunatosha kabisa, hata kukohoa, kutapika au kufikicha. Siku ya pili ile ile damu inatandaa, usiogope. Hakuna tone la kuifuta, inaisha yenyewe wiki moja mpaka tatu, itapitia njano kama ukigongwa mguu. Ila kapime presha.

Dereva Makambako: Hiyo ndo presha ya macho, inapofusha hiyo!

Nesi wa macho: Hapana kaka, nasema presha ya mkononi. Ya macho ni ugonjwa mwingine. Ila jicho jekundu likiuma, likiona ukungu, likiogopa mwanga, au kama ulipigwa au ulidondoka, hapo unaenda siku hiyo hiyo.

Binti Mafinga: Bi mkubwa ana vali ya bandia ya moyo, anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Doa lilimtokea mara tatu ndani ya miezi miwili tukawa tunasema ni kikohozi, mpaka akipiga mswaki fizi zinatoka damu ndo tukashtuka. Kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kikasoma 6 wakati chake walitaka 2.5 mpaka 3.5. Kumbe alikuwa amepewa metronidazo za tumbo na hakusema anatumia warfarini. Nilitaka kumuachisha warfarini mwenyewe, daktari akanikatalia, vali inaweza kuganda damu, wakapanga wao dozi.

Nesi wa macho: Umemaliza kila kitu dada. Mara moja kwa mtu mzima asiye na dawa hizo, presha tu inatosha. Likirudiarudia, au damu inatoka na kwingine, unadai vipimo vya damu.

Kuli wa Uyole: Nimetoka zahanati. 172 kwa 104, wamerudia baada ya kupumzika ikaja 168 kwa 100, nimeambiwa nirudi kesho kutwa kabla ya kuanzishiwa dawa. Nina miaka 38 tu! Sasa iliyopasua ni lumbesa au presha?

Nesi wa macho: Hapo hata mimi siwezi kukuapia, inawezekana vyote. Lumbesa zipumzishe mpaka urudi.

Kuli wa Uyole: Na fuso la keshokutwa nalipakiaje jamani