Kukaba mtu na mtu au kukaba kwa eneo: ipi inavunjika kirahisi?

Namba Nane Mstaafu
Wakuu, timu ikiamua kukabia juu, ipi inafunguka kirahisi: ile ambayo kila mchezaji ana mtu wake, au ile inayokaba kwa eneo? Na inafunguliwaje? Siku hizi naona timu kubwa zinawafuata mabeki wa kati wa mpinzani hadi ndani ya boksi lao, nyuma wamebaki mmoja kwa mmoja. Sielewi kwa nini kocha akubali hatari hiyo.

Shabiki wa Zoni
Mtu na mtu ni mpira uliokwisha kuzikwa. Sacchi aliuzika pale Milan, akabeba Kombe la Ulaya 1989 na 1990 kwa timu inayosogea kama kitu kimoja. Kumfuata mtu uwanja mzima ni kazi ya mchezaji asiyejua kusoma mchezo, anahitaji kuambiwa jezi ya kufuata. Mwulizeni Bielsa. Leeds yake ilikula sita kwa moja pale kwa Manchester United.

Beki wa Chuma
Asiyejua kusoma mchezo? Kaka, mimi nimecheza beki ya kukaba mtu miaka 12, na nakuhakikishia kazi hiyo inataka kichwa kuliko kusimama kwenye eneo lako ukisubiri mpira uje. Unamsoma mtu: anapenda mguu gani, anageukia wapi, anaanza kukimbia akiwa ametazama nini. Atalanta ya Gasperini iliwakaba Leverkusen mtu na mtu kwenye fainali ya Ligi ya Europa 2024, ikashinda 3-0, Lookman akafunga yote matatu. Leverkusen walikuwa hawajapoteza mechi 51. Nao Atalanta hawakujua kusoma mchezo?

Mfuatiliaji
Ile ya Leeds ilikuwa 6-2, Desemba 2020. McTominay alifunga mawili ndani ya dakika 3 za kwanza, na yeye alikuwa kiungo, si straika. Hapo ndipo pa kutazama.

Shabiki wa Zoni
6-2 au 6-1, kipigo ni kipigo. Na Februari 2022 waliruhusu mabao 20 kwenye mechi tano za ligi, Bielsa akafukuzwa. Mfumo ulijihukumu wenyewe.

Beki wa Chuma
Mbona husemi kwamba msimu wao wa kwanza baada ya kupanda walimaliza nafasi ya 9, kwa mfumo huohuo? Msimu wa pili Phillips, Bamford na Cooper walikaa nje muda mrefu. Mfumo haukubadilika, miguu ndiyo ilibadilika.

Shabiki wa Zoni
Basi umenijibu mwenyewe. Mfumo unaokufa wachezaji watatu wakiumia ni mfumo mbovu.

Beki wa Chuma
Timu gani isiyoyumba ikikosa uti wake wa mgongo? Itaje.

Mkaa Nguzoni
Mimi naunga mkono mtu na mtu. Kwenye kona, ukikaba kwa eneo, mshambuliaji anakuja na mbio zake kutoka mbali na wewe umesimama. Lazima akuruke. Nimeona mabao mengi sana ya namna hiyo.

Namba Nane Mstaafu
Mkuu, hilo la kona ni jambo jingine kabisa. Nauliza kuhusu kukaba wakati mpinzani anaanza mpira kutoka kwa kipa wake.

Mchora Ubao
Tumwache Bielsa apumzike kidogo. Nyote wawili mnabishana juu ya miguu, na swali lilikuwa juu ya hesabu.

Timu mbili zina wachezaji kumi kila moja mbali na kipa. Ukimpa kila mtu mtu wake, kipa wa wenye mpira anabaki bila mkabaji. Ukitaka kuacha beki mmoja wa ziada nyuma kwa usalama, mbele watabaki wawili huru: kipa na mwingine mmoja. Kwa hiyo kocha anayekabia juu mtu na mtu amekubali jambo moja tu, kwamba mtu huru awe kipa. Anaamini kipa hatakuwa na ujasiri wa kuitumia nafasi hiyo.

Sasa tazama anavyovunjwa. Goli kiki, na tangu sheria ibadilike 2019 beki anaweza kupokea mpira ndani ya boksi lake. Beki wa kati wa kulia anampasia kipa, kipa anauweka mpira chini ya kiatu chake na kusimama. Asiuchezeshe. Kama hakuna anayekuja, asubiri, maana wenye shida ni wale wanaokaba. Hatimaye straika, ambaye mtu wake ni beki wa kati wa kushoto, anachoka kungoja. Anamkimbilia kipa kwa njia ya kujipinda, akimficha yule beki mgongoni kwake. Sasa beki wa kushoto hana mkabaji, ila kipa hawezi kumpasia moja kwa moja kwa sababu straika amekaa kwenye njia.

Hapo ndipo namba sita anaingia. Anashuka mbele ya boksi huku mkabaji wake yuko mgongoni. Kipa anampa mpira mkali mguuni, naye kwa mguso mmoja, bila kugeuka, anausukuma kushoto kwa yule beki aliyekwisha kusogea nje ya mgongo wa straika. Pasi mbili tu, na straika amepitwa. Beki anapanda na mpira. Ili kumzuia lazima mtu mwingine aache mtu wake, na huyo akiachwa, mwingine naye lazima atoke. Kila anayetoka anafungua mlango wa nyuma yake.

Kwenye eneo, hila hiyo hailipi namna hiyo, kwa sababu straika akitoka, mstari wote unajikunja kuziba nafasi aliyoiacha.

Mwalimu wa Vijana
Mwalimu, tulijaribu hivyo hivyo na timu yangu ya vijana tukafungwa manne, mawili yakitokana na huyo namba sita kunyang'anywa mita 20 kutoka golini. Wazazi walinishukia. Kosa liko wapi?

Mchora Ubao
Mara nyingi kosa liko kwenye mwendo wa pasi ya kipa na mahali mkabaji alipo. Mfundishe kipa kutazama mkabaji kabla ya kumtazama namba sita. Mkabaji akiwa umbali wa mkono, pasi hiyo imekufa kabla haijapigwa. Akiwa nyuma mita mbili au tatu, mguso mmoja unatosha. Na namba sita asishuke mapema. Akisimama pale akingoja, anamleta mkabaji wake pamoja naye. Ashuke wakati mguu wa kipa unaelekea kwenye mpira. Vijana wako walishuka lini?

Mwalimu wa Vijana
Mapema. Nilikuwa nawapigia kelele washuke waonekane.

Glavu Moja
Samahani, lakini mnazungumza kana kwamba kipa ni kipande cha ubao. "Hatakuwa na ujasiri." Mimi ni kipa. Straika anakukimbilia, mpira uko chini ya kiatu, na goli tupu liko nyuma yako. Namba sita akikosea ni kosa la kawaida, nikikosea mimi ni picha inayosambaa wiki nzima. Makocha wanaokuja na mchoro huu wanakuachia wewe lawama. Kuna siku niliambiwa nitulie na mpira, nikatulia, tukafungwa, na kwenye chumba cha kubadilishia nguo hakuna aliyesema kwamba yalikuwa maagizo.

Mchora Ubao
Neno hilo lilikuwa baya, nalirudisha. Kocha anayeagiza hivyo lazima aibebe lawama hadharani. Lakini si lazima uucheze chini kila mara. Wakikukaba mtu na mtu uwanja mzima, inamaanisha mbele washambuliaji wako watatu wako mmoja kwa mmoja kwenye nusu uwanja. Pasi ndefu kwa namba tisa, winga anakimbia nyuma yake, na beki wao hana wa kumfunika. Hata huo mpira mrefu ni jibu halali.

Beki wa Chuma
Na mimi huo mpira mrefu ndio niliokuwa nausubiri. Beki mzuri wa mtu anaushinda. Mradi namba tisa awe na mgongo kwa goli, mimi niko sawa. Kinachoniua ni kubadilishana. Winga anaingia ndani, beki wa pembeni anapanda nje, na mimi nimemfuata wangu hadi katikati ya uwanja. Nageuka, nyuma yangu pana shamba.

Mfuatiliaji
Ndiyo maana nilimtaja McTominay. Straika anaondoka, beki anamfuata, na kiungo anakuja kwa mbio kutoka nyuma kwenye nafasi iliyoachwa. Mkabaji wa kiungo ndiye aliyechelewa kuanza kukimbia, na hakuna wa kumsaidia.

Shabiki wa Zoni
Asanteni. Kwenye eneo hao wakibadilishana, unampokea anayeingia kwako, unamkabidhi anayetoka. Ndilo nililosema tangu mwanzo.

Mchora Ubao
Uko sahihi kwa nusu. Sacchi mwenyewe alitaka wachezaji wake watazame mpira, nafasi, mpinzani na mwenzao. Mpinzani yumo. Eneo linalosahau mtu linavunjwa kwa urahisi uleule, ila mahali pengine: kwenye mpaka wa maeneo mawili. Namba kumi akisimama kati ya kiungo na winga wao, hatua moja nyuma ya migongo yao, kila mmoja anadhani ni wa mwenzake. Halafu beki wa kati apande na mpira hadi mmoja atoke kumkabili. Kwenye pengo alilolifungua ndipo pasi inapita.

Na njia ya pili ni upande. Wavute kulia kwa pasi fupi mpaka wote wasogee, kisha peleka mpira kushoto kwa pasi moja ndefu. Ukiupitisha kwa mabeki wawili, mguu kwa mguu, mstari wao unawahi kufika. Mwangalie winga wao wa mbali: akiwa ameuangalia mpira na kumpa mgongo beki wako wa pembeni, piga.

Shabiki wa Zoni
Lakini timu inayobana vizuri haimwachi beki wako apige pasi hiyo ndefu. Wanamfikia kabla hajainua kichwa.

Mchora Ubao
Kweli. Presha kwa mwenye mpira ikiwepo, eneo ni gumu sana kulivunja. Ikichelewa nusu sekunde, mstari wote umesimama bure.

Namba Nane Mstaafu
Kwa hiyo ipi?

Beki wa Chuma
Yangu.

Glavu Moja
Kwangu mimi, nikiwa na mpira mguuni, naogopa zaidi wanaokaba kwa eneo. Wa mtu na mtu najua atakayenijia, na najua aliyemwacha. Wa eneo sijui nani atatoka mpaka nimeshapiga.

Mwalimu wa Vijana
Jumamosi nitajaribu tena, namba sita akishuka kwa kuchelewa. Na kabla ya mechi nitawaambia wazazi kwamba maagizo ni yangu.