Skrini ya kuingilia yajitokeza kwenye monita isiyo yake: kunakili faili au kuhamia LightDM?

Mwajuma_T
Ndugu wanajukwaa, natumia kompyuta mpakato yenye Ubuntu 22.04, na nimeiunganisha na monita ya 4K ya inchi 27. Nikishaingia kila kitu hukaa sawa, kwa kuwa monita ndiyo niliyoichagua kuwa skrini kuu. Kabla ya hapo, kisanduku cha nywila hujitokeza kwenye kompyuta iliyo pembeni, tena kwa maandishi makubwa kupita kiasi. Nimeshauriwa ama kunakili faili la mipangilio, ama kuhamia LightDM, programu nyingine ya skrini ya kuingilia, na kuandika skripti. Ipi ina matata machache?

Kassim_P
Dada, hakuna haja ya vyote viwili. Chagua skrini kuu kwenye mipangilio, kisha uwashe upya.

Mzee_Bandari
Kassim, hatua hiyo ni ya lazima lakini haitoshi. Uchaguzi huo huhifadhiwa ndani ya folda ya mtumiaji, ilhali skrini ya kuingilia huendeshwa na GDM, programu inayotumia mtumiaji wake mwenyewe, asiyesoma folda yako. Mimi ningeanza na kunakili:

```
sudo cp ~/.config/monitors.xml /var/lib/gdm3/.config/
sudo chown gdm:gdm /var/lib/gdm3/.config/monitors.xml
```

Fungua faili hilo utazame: chini ya monita yako pawe na `<primary>yes</primary>`, na ukubwa wa maandishi umo kwenye `<scale>`. Kila monita imetajwa kwa jina la tundu, kampuni, modeli na namba yake, na kimoja kisipolingana, mpangilio wote hupuuzwa kimyakimya. Kwa hiyo ukihamisha waya kwenda tundu jingine, tatizo litarudi, na itabidi unakili upya.

Achieng_K
Kwangu ni Windows, na nywila ilikuwa ikitokea kwenye televisheni. Nilibonyeza Win+P nikachagua skrini ya kompyuta pekee, ikatulia.

Mzee_Bandari
Hiyo huizima skrini ya pili kabisa, dada Achieng, naye Mwajuma anazihitaji zote mbili.

Salim_Xorg
Naitetea LightDM, kwa sababu skripti inayotajwa kwenye `display-setup-script` huandikwa wazi na mtu akaielewa:

```
xrandr --output HDMI-1 --primary --mode 3840x2160
exit 0
```

Mstari wa mwisho usiuache, kwani monita ikiwa imechomolewa, `xrandr` hushindwa, na skripti ikirudisha kosa LightDM haitaonyesha skrini ya kuingilia hata kidogo. Ila kubadilisha programu nzima kwa ajili ya kisanduku kimoja ni gharama, hilo nakubali.

Mwajuma_T
Nimenakili, na sasa kisanduku kiko kwenye monita kwa ukubwa unaofaa. Lakini ofisini natumia monita nyingine. Je, faili moja litabeba zote?

Mzee_Bandari
Litabeba, mradi uzipange ofisini kwanza kisha unakili tena, kwa kuwa kila mkusanyiko wa monita huandikiwa sehemu yake.

Salim_Xorg
Isipokuwa kama ofisini unapitia kituo cha kuunganishia. Changu hubadilisha jina la tundu, leo DP-3, kesho DP-5, na sijapata dawa yake.